Arigoni iliyoganda: umbali wa 3.82, 3.71 na 3.76 unatoka wapi

*"Mwalimu, nimepewa kazi ya kukadiria umbali kati ya atomu mbili jirani katika arigoni iliyoganda kwa fomula ya Lennard-Jones, nikiwa na σ = 3.405 Å na ε/k = 119.8 K. Nilitafuta mahali ambapo nishati ni ya chini kabisa nikapata 3.82 Å. Mwenzangu amejumlisha atomu zote za fuwele akapata 3.71. Kitabu kinasema 3.76. Nani kati yetu amekosea, na hiyo 3.76 inatoka wapi?"*

Ndugu yangu, hesabu zenu zote mbili ni sahihi. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja amejibu swali lake. Wewe umepata umbali wa atomu mbili zilizo peke yao, bila ya tatu karibu. Mwenzako amepata umbali katika fuwele ambayo atomu zake zimetulia tuli kabisa. Kitabu kinakupa kipimo cha fuwele halisi, na humo atomu hazitulii hata ukiishusha baridi hadi mwisho wake. Tukitoka 3.82 kwenda 3.71, kisha tukarudi hadi 3.76, utaona karibu fizikia yote ya gesi adimu zilizoganda.

Tuanze na fomula yenyewe, kwa sababu vipande vyake viwili havina hadhi moja.

```
U(r) = 4ε [ (σ/r)^12 − (σ/r)^6 ]
```

Kipande cha pili, chenye kipeo cha 6, ndicho mvutano, nacho kina msingi imara. Atomu ya arigoni haina chaji, na ukichukua wastani wa muda, wingu lake la elektroni ni tufe kamili. Lakini huo ni wastani tu. Katika nukta yoyote ya muda wingu limeegemea kidogo upande mmoja, na atomu inakuwa na upande wenye chaji hasi na upande wenye chaji chanya. Uga wa umeme wa jozi kama hiyo ya chaji hupungua kwa r³. Uga huo unapofika kwa jirani, unalisogeza wingu lake pia, kiasi kinacholingana na nguvu ya uga. Nishati ya jirani aliyesogezwa hivyo inafuata mraba wa uga, na mraba wa 1/r³ ni 1/r⁶. Fritz London alilipa jambo hili hesabu yake ya kwanta mwaka 1930, na mvutano huu ndio tunaouita mvutano wa mtawanyiko. Jina hilo lina sababu: sifa ileile ya atomu, yaani jinsi elektroni zake zinavyoitika kwa mitetemo ya kasi tofauti, ndiyo inayoamua jinsi mwanga unavyotawanyika katika rangi zake unapopita ndani ya gesi.

Kipande cha kwanza ni msukumano. Mawingu mawili ya elektroni yaliyojaa yanapoanza kuingiliana, kanuni ya Pauli inakataza elektroni zao kukaa katika hali moja, hivyo baadhi zinalazimika kupanda kwenye nishati ya juu. Gharama yake hupanda haraka mno umbali unapopungua. Hiyo ni kweli, lakini kipeo cha 12 hakitokani na nadharia yoyote. Msukumano halisi unafanana zaidi na mkunjo wa eksiponenti. Kipeo cha 12 kilichaguliwa kwa sababu ni mara mbili ya 6, hivyo (σ/r)^12 ni mraba wa (σ/r)^6, na hapo hesabu za mkono zinakuwa rahisi sana. Shika hilo, tutalihitaji mwishoni.

Sasa jibu lako. Umetafuta mahali ambapo mteremko wa U ni sifuri, ukapata r = 2^(1/6) σ, yaani mara 1.1225 ya 3.405, ambayo ni 3.82 Å. Hapo kina cha bonde ni ε kamili. Hukuchanganya σ na umbali wa chini ya bonde, kosa ninalolikuta kila mara: σ ni mahali U inapovuka sifuri, na ni kwenye ukuta wa ndani wa bonde, kwa umbali mfupi kuliko chini yake. Kama fuwele ingekuwa na majirani wa karibu tu, jibu lako lingekuwa sahihi kwa fuwele nzima pia. Kila atomu ingekuwa na jirani 12, kila jirani angekaa chini ya bonde lake, na nishati ya kila atomu ingekuwa −6ε, maana kila jozi ni ya watu wawili na lazima igawanywe nusu kwa nusu.

Lakini fuwele haiishii kwa jirani wa kwanza.

Arigoni huganda katika mpangilio wa mchemraba wenye atomu kwenye pembe zake na katikati ya kila uso. Ukiuita umbali wa jirani wa kwanza R, kila atomu ina jirani 12 kwa umbali R, 6 kwa umbali wa R√2, 24 kwa R√3, 12 kwa 2R, na kuendelea bila mwisho. Nishati ya atomu moja ni jumla ya wote hao, nusu yake:

```
U/N = 2ε [ A12 (σ/R)^12 − A6 (σ/R)^6 ]
A12 = 12.132     A6 = 14.454
```

Namba hizi mbili ni jumla ya mchango wa kila jirani, na kila mchango umepunguzwa kulingana na umbali wake. Tazama tofauti yake. Katika msukumano, 12.132 iko karibu kabisa na 12: majirani wote wa mbali, maelfu kwa maelfu, wameongeza 0.13 tu. Msukumano ni wa mlango kwa mlango. Katika mvutano, 14.454 ni zaidi ya 12 kwa karibu 2.5. Jirani wa mbali hakusukumi, ila bado anakuvuta, na kwa kuwa ni wengi, uvutaji wao mdogo mdogo unajikusanya.

Ndiyo sababu fuwele inajibana. Jirani wa pili, wa tatu na wa nne wote wako kwenye mteremko wa nje wa bonde, wakivuta kuelekea ndani, na wa kupinga ni wale 12 wa karibu peke yao. Hao wanabanwa hadi wapite chini ya bonde lao na kuanza kupanda ukuta wa upande wa ndani. Ukitafuta mahali jumla ni ya chini kabisa unapata:

```
R = σ (2·A12/A6)^(1/6) = 1.0902 σ = 3.712 Å
U/N = −ε·A6²/(2·A12) = −8.61 ε
```

Hii ndiyo namba ya mwenzako. Kubanwa huko kuna bei ndogo kuliko unavyodhani. Kwa umbali wa 3.712 Å kila jozi ya karibu ina nishati ya −0.963ε badala ya −ε, yaani imepoteza chini ya asilimia 4. Majirani 12 wanatoa −5.78ε katika ile −8.61ε. Zilizobaki, karibu theluthi nzima ya nishati inayoishikilia fuwele, zinatoka kwa majirani wa mbali. Mtu anayehesabu majirani wa kwanza tu anakosa umbali kwa asilimia 3, lakini nishati anaikosa kwa asilimia 30.

Huenda ukataka kujua A6 inapatikanaje bila kuandika programu, kwa sababu jumla hiyo inakwenda taratibu. Jumlisha tabaka nne za kwanza kwa mkono: 12, kisha 6/8, kisha 24/27, kisha 12/64. Unapata 13.826. Sasa zilizobaki zichukulie kama zimesambazwa sawasawa. Kila atomu inamiliki ujazo wa R³/√2. Ndani ya tabaka nne mna atomu 54, na ukiongeza ile ya katikati unapata 55. Tafuta tufe lenye ujazo wa atomu 55 hasa, na nje ya tufe hilo geuza jumla kuwa intigrali:

```
x³ = 55·3 / (4π√2) = 9.285       (x = nusu kipenyo ÷ R)
sehemu ya nje ≈ 4π√2 / (3x³) = 0.638
A6 ≈ 13.826 + 0.638 = 14.464
```

Jibu halisi ni 14.454. Kosa ni la 0.01 katika 14, kwa kazi ya nusu ukurasa. Siri iko kwenye kuchagua ukubwa wa tufe kwa kuhesabu atomu. Ukikata palepale penye umbali wa tabaka la nne, x ikawa 2, mkia unakuwa 0.74 na jibu linapotoka.

Nakuonya kuhusu mtego mmoja hapa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kunaswa nao. Ukisimamisha jumla mapema, umbali unaoupata ni huu: tabaka la kwanza peke yake 3.82, mawili 3.79, matatu 3.75, manne 3.74, yote 3.71. Umeona kilichotokea kwenye tabaka la tatu? Jibu ni 3.75, karibu sawa na la kitabu. Nilipokuwa mwanafunzi niliishia hapo, nikaandika kwamba majirani 42 wanatosha, na nikaridhika. Namba ilikuwa imekaribia kipimo kwa sababu kosa moja, la kukata jumla, lilikuwa limefunika kitu kingine kilichokosekana. Ukitaka kujua kama umenaswa, ongeza tabaka moja. Jibu la kweli linatulia. La bahati linaendelea kuhama, na hapa linahama likiondoka kwenye kipimo.

Kabla ya kulitafuta hilo lililokosekana, hakikisha kipimo chenyewe. Katika maabara hawapimi umbali wa jirani moja kwa moja. Wanapiga eksirei kwenye fuwele, wanasoma pembe za miale inayorudi, na kutoka hapo wanapata urefu wa upande wa mchemraba. Kwa arigoni kwenye baridi ya karibu 4 K upande huo ni 5.31 Å. Jirani wa karibu yuko nusu ya ulalo wa uso wa mchemraba, kwa hiyo gawanya kwa √2: 3.755 Å. Unaweza kulihakiki hilo kwa njia nyingine kabisa. Mchemraba mmoja una atomu 4, uzito wake ni 2.65 × 10⁻²² gramu na ujazo wake 1.497 × 10⁻²² sentimita za ujazo, na uwiano wake ni 1.77 g/cm³, ambao ndio msongamano wa arigoni kwenye baridi hiyo. Angalia pia joto la kipimo unacholinganisha nacho. Arigoni inayokaribia kuyeyuka, karibu 84 K, imeshatanuka hadi umbali wa jirani ukawa kama 3.87 Å. Mtu akichukua kipimo cha joto la kati anaweza kukuta kimegonga 3.82 yako sawasawa, akadhani majirani wa mbali hawana kazi. Mfano wenu wote wawili hauna joto ndani yake, kwa hiyo ulinganishwe na kipimo cha baridi kabisa tu.

Basi kati ya 3.712 na 3.755 kuna pengo la asilimia 1.2, na joto haliwezi kulaumiwa. Linalobaki ni mtikisiko wa kwanta. Atomu iliyofungwa katika bonde haiwezi kulala chini yake, kwa sababu kuwa mahali hasa pamoja na kutokuwa na mwendo wowote ni mambo mawili yasiyoruhusiwa pamoja. Inabaki ikitetemeka, na mtetemo huo una nishati hata kwenye sifuri kamili.

Tuikadirie kwa njia rahisi kuliko zote, ile ya Einstein: zishike atomu zote tuli isipokuwa moja, na uulize inatetemeka kwa kasi gani katika tundu lake. Ugumu wa tundu unatoka kwenye jumla ya mpindo wa U kwa majirani wote. Jumla hiyo ni kama ile ya kwanza, ila vipeo vimekuwa 14 na 8, na namba zake ni A14 = 12.059 na A8 = 12.802:

```
ω² = (4ε / 3mσ²) [ 132·A14 (σ/R)^14 − 30·A8 (σ/R)^8 ]
Z  = (3/2) ħω
```

Kwa R = 3.712 Å na uzito wa atomu ya arigoni, ħω ni 0.574ε, sawa na 69 K hivi, na nishati ya mtikisiko kwa atomu moja, pande zote tatu, ni 0.86ε. Ni sehemu ya kumi ya nishati nzima ya kuishikilia fuwele. Kadirio hili unaweza kuliamini kwa sababu lina shahidi wa nje. Vipimo vya joto mahususi vinaipa arigoni halijoto ya Debye ya kama 92 K, na kwa hesabu ya Debye nishati ya mtikisiko ni 9/8 ya hiyo, yaani 103 K au 0.86ε. Njia mbili tofauti, jibu moja.

Lakini nishati peke yake haisogezi umbali. Kinachousogeza ni kwamba nishati hiyo inashuka haraka fuwele inapopanuka. Ukiwasogeza majirani nje kidogo, tundu linalainika, mtetemo unapungua kasi, na gharama yake inapungua. Fuwele inapima mambo mawili: hasara ya kuliacha bonde la jumla, na faida ya kutikisika kwa utulivu zaidi. Karibu na chini ya bonde hasara ni ndogo sana, kwa sababu bonde hapo ni tambarare, na faida ni ya moja kwa moja. Nimekupigia hesabu kwa umbali wa aina nne:

```
R (Å)     U/ε       Z/ε      jumla
3.712   −8.610    0.861    −7.749
3.746   −8.587    0.793    −7.793
3.763   −8.558    0.761    −7.797
3.780   −8.520    0.729    −7.791
```

Chini ya jumla ni karibu na 3.76 Å. Hapo ndipo kitabu chako kilipo. Nishati nayo, ukizidisha 7.80ε kwa namba ya Avogadro, ni kilojuli 7.77 kwa moli, na iliyopimwa ni 7.74. Bila mtikisiko ungepata 8.58. Angalia pia jinsi hatua ilivyo ndogo kwa athari kubwa: umbali umeongezeka kwa asilimia 1.3 tu, na mtetemo umepungua kasi kwa asilimia 11.

Kama una shaka kwamba mtikisiko ndio wenye lawama, nenda kwenye gesi adimu nyingine, kwa sababu sehemu ya jumla ya majirani ni ileile kwa zote. R ikiwa 1.0902σ kwa arigoni, ni 1.0902σ kwa zenoni na neoni pia. Kinachotofautiana ni uzito wa atomu na kina cha bonde. Zenoni ni nzito na bonde lake ni refu: σ = 3.98 Å inatoa 4.34, na kipimo cha eksirei, 6.13 Å kwa upande wa mchemraba, kinatoa karibu 4.34 pia. Kwa kutumia σ ya namna hii, mtikisiko wa zenoni hauonekani. Neoni ni nyepesi na bonde lake ni la kina kifupi. σ = 2.74 Å inatoa 2.99, na kipimo ni 3.16. Pengo limekuwa zaidi ya asilimia 5. Nishati ya mtikisiko wa neoni, ukiihesabu kwenye umbali wa 2.99, ni karibu theluthi moja ya nishati ya kuishikilia fuwele, na hapo kadirio la Einstein nililokufanyia linaanza kuchoka, kwa sababu atomu inazurura mbali kiasi kwamba tundu haliwezi tena kuchukuliwa kama springi ya kawaida. Heli inamaliza mfululizo: mtikisiko wake unashinda mvutano kabisa, haigandi kwa shinikizo la kawaida hata kwenye sifuri kamili, na inahitaji angahewa kama 25 ili ikubali kuwa fuwele.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa isotopu. Neoni-20 na neoni-22 zina elektroni zilezile, kwa hiyo U(r) ya jozi ni ileile kwa zote mbili. Kama umbali ungeamuliwa na U peke yake, fuwele zao zingelingana. Hazilingani. Ile nyepesi ina fuwele pana kidogo. Hakuna kitu kingine katika mfano wetu kinachojua uzito wa kiini isipokuwa mtikisiko.

Sasa nikurudishe kwenye kile kipeo cha 12, kwa sababu ukiishia hapa utaondoka na imani kubwa kuliko inavyostahili. Kulingana kwa 3.76 na 3.755 kunapendeza, lakini sehemu ya kulingana huko ni makosa yanayofutana. σ na ε ulizopewa zilipatikana kwa kulazimisha fomula ifuate tabia ya gesi ya arigoni. Kwa fomula hiyo, nguvu ya mkia wa mvutano inapaswa kuwa 4εσ⁶. Tunaijua pia nguvu ya mkia huo kwa njia huru, kutoka kwa jinsi arigoni inavyoupinda mwanga, na ile ya fomula ni kubwa kama mara 1.7. Vilevile bonde la jozi halisi ya arigoni, kama lilivyopimwa kwa jozi za atomu zikiwa peke yake, lina kina cha kama 143 K, si 119.8, na chini yake iko karibu 3.76 Å, si 3.82. Kwa hiyo hata 3.82 yako ni mali ya fomula kuliko mali ya arigoni.

Utauliza, kama bonde halisi ni refu zaidi, mbona fuwele halisi haina nishati kubwa zaidi? Mkia halisi ni dhaifu, na hilo linapunguza mchango wa wale majirani wa mbali. Kisha kuna jambo ambalo fomula ya jozi haiwezi kulibeba hata uibadilishe vipi. Atomu tatu zikikaa karibu, mtikiso wa wingu la moja unaamsha la pili, la pili linaamsha la tatu, na la tatu linarudi kwa la kwanza. Axilrod na Teller walilihesabu hilo mwaka 1943. Kwa pembetatu zenye pembe ndogo kama zile zinazojaa katika fuwele hii, matokeo yake ni msukumano. Nishati inayopotea kwa njia hiyo katika arigoni ni asilimia kadhaa ya jumla, si kitu cha kupuuza. Fomula ya Lennard-Jones iliyolazimishwa kufuata vipimo imemeza hayo yote kimyakimya ndani ya σ na ε, na ndiyo maana inakupa umbali mzuri na nishati nzuri huku umbo lake lenyewe likiwa na kasoro.

Kuna mahali kasoro hiyo inajitokeza wazi. Zipo njia mbili za kupanga tufe kwa msongamano uleule: huu wa mchemraba, na ule wa pembesita. Jirani wa kwanza ni 12 katika zote mbili, na A6 ya pembesita ni 14.455 badala ya 14.454. Ukijumlisha kwa uangalifu, fomula inasema arigoni ingependelea pembesita, kwa tofauti ya kama sehemu moja katika elfu kumi. Arigoni halisi inachagua mchemraba. Kwa hiyo mwulize Lennard-Jones umbali na nishati, atakujibu vizuri. Usimuulize ni mpangilio upi utashinda.

Kwa kazi yako, ningeandika namba tatu zote badala ya moja: 3.82 kwa jozi, 3.71 kwa fuwele tuli, 3.76 baada ya mtikisiko, na kando ya kila moja useme ni kitu gani umekiongeza. Weka na σ uliyotumia yenye tarakimu zake zote, maana umbali unafuata σ moja kwa moja. Ukiipunguza 3.405 iwe 3.40, kama vitabu vingine vinavyofanya, umbali wote unashuka kwa kama 0.0055 Å, na tarakimu ya mwisho ya majibu yako haitakuwa na maana tena.